Jirekodi Kabla Jopo Halijakusikia

Anayeitwa kwenye usaili wa mahojiano kwa kawaida hujiandaa kwa kusoma. Hupitia tangazo la kazi, huchambua majukumu ya nafasi aliyoomba, huandika majibu kwenye daftari na kuyarudia kichwani akiwa kitandani. Kichwani jibu huwa zuri kila mara. Halikwami, halirudii maneno, na huisha pale linapotakiwa kuisha. Lakini jopo halisikii kilichomo kichwani. Linasikia kinachotoka mdomoni, na hivyo viwili vinaweza kuachana mbali bila mwenyewe kujua.

Simu yenye kinasa sauti inatosha kuonyesha pengo hilo. Hata hivyo, wengi wanaojaribu kujirekodi huishia njiani. Husikiliza mara moja, huichukia sauti yao, husikia "aaa" na "yaani" zimejaa kila mahali, hujiamuru kuziacha, kisha rekodi ya pili hutoka mbaya kuliko ya kwanza. Kosa liko kwenye namna ya kusikiliza. Sauti inayofifia, mwendo wa mbio na maneno ya kujazia mara nyingi ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye mpangilio wa jibu. Ukijua dalili ilijitokeza sehemu gani ya jibu, utajua cha kutibu.

Namna ya kurekodi

Andika maswali kumi hivi kwenye vikaratasi, vikunje na uvichanganye. Yawemo ya kawaida kama "Jieleze kwa kifupi" na "Kwa nini unaiomba nafasi hii?", lakini mengi yawe yale yanayodai kisa cha kweli: tatizo ulilowahi kulitatua, ugomvi na mfanyakazi mwenzako, kazi iliyokushinda. Washa kinasa sauti kwanza, ndipo ufungue kikaratasi, usome swali kwa sauti na ujibu. Ukiwasha baada ya kulisoma, utakuwa umeshajipa nafasi ya kujipanga ambayo mbele ya jopo hutaipata, na sekunde za mwanzo, ambazo hufichua mengi, zitakuwa zimepotea.

Simu usiishike mkononi. Anayeishika karibu na mdomo huanza kuongea kama anayetuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp: kwa ulaini, kwa haraka na kwa kukatisha maneno. Iweke mezani, umbali wa hatua mbili hivi, ukae kama utakavyokaa siku yenyewe. Ukikwama, usizime ili uanze upya. Namna unavyojinasua ndiyo sehemu ya rekodi yenye faida kuliko zote. Ukimaliza, kabla ya kusikiliza, andika makisio yako: jibu limechukua muda gani? Kisha tazama saa ya kinasa sauti. Makisio na saa vikipishana sana, umeshajifunza jambo la kwanza.

Anza na sauti peke yake. Video ina kazi yake ya kuonyesha macho na mikono, lakini ukianza nayo utatumia muda wote kutazama shati na nywele zako.

Sauti usiyoitambua

Karibu kila mtu hushtuka anapoisikia sauti yake kwenye rekodi, na sababu yake inafahamika. Unapoongea, sauti hukufikia masikioni kwa njia mbili: kupitia hewani, na kupitia mifupa ya fuvu. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mitetemo mizito, kwa hiyo wewe unajisikia mwenye sauti nene kuliko wanavyokusikia wengine. Kinasa sauti hupata ile ya hewani tu. Sauti nyembamba unayoisikia ndiyo ambayo ndugu na majirani zako wameizoea miaka yote, na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Sikiliza rekodi mara moja bila kuandika chochote, ili mshtuko huo upite, ndipo uanze kazi.

Kwenye sauti, kitu cha kufuatilia kwanza ni miisho ya sentensi. Pumzi inapopungua, au msemaji asipoamini anachokisema, maneno ya mwisho humezwa. Kwa Kiswahili hasara yake ni kubwa, kwa sababu sarufi yetu huweka namba na sifa baada ya jina. Tunasema "wagonjwa arobaini", "taarifa kamili", "siku tatu". Ukimeza mwisho, jopo litasikia kwamba kulikuwa na wagonjwa, lakini halitasikia wangapi. Namba ndiyo iliyobeba uzito wa jibu, nayo ndiyo iliyopotea.

Usiutegemee kinasa sauti kupima ukubwa wa sauti. Simu nyingi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa, hivyo mnong'ono unaweza kusikika vizuri kwenye rekodi. Kwa kipimo hicho, mwombe mtu akae upande wa pili wa chumba akuambie ni maneno gani hakuyapata.

Jibu moja, neno kwa neno

Tuchukue mfano wa kubuni. Msailiwa ameomba nafasi ya kutunza stoo ya dawa. Amefungua kikaratasi chenye swali: "Tueleze tatizo ulilokutana nalo kazini na jinsi ulivyolitatua." Amejirekodi, kisha akaandika kila alichokisikia bila kusahihisha. Hatua hii ya kuandika ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Sikio husamehe, karatasi haisamehi. Jibu la dakika moja litachukua robo saa hivi kuliandika, na hili ndilo lake:

"Aaa… asante kwa swali. Yaani mimi nilikuwa, nilikuwa kwenye kituo cha afya, kile kituo kilikuwa kinahudumia kata tatu, na pale alikuwepo mganga na wauguzi sita, na dawa tulikuwa tunapokea kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo, kwa hiyo unakuta zinakuja nyingi kwa mpigo. Sasa, eee… kukawa na tatizo la dawa kuisha muda. Yaani unakuta dawa imekaa tu mpaka inaisha muda. Kwa hiyo tukakaa, tukasema hapana, hii lazima tuipangie utaratibu. Tukawa tunapanga vizuri. Na kwa kweli, aaa… hali ikawa nzuri, yaani ilipungua kwa kiasi fulani. Basi, ni hivyo tu."

Ukihesabu utakuta "yaani" tatu, "kwa hiyo" tatu, na sauti za "aaa" na "eee" tatu. Hesabu hiyo peke yake haisaidii. Mwaka 2002 wanasaikolojia wa lugha Herbert Clark na Jean Fox Tree walionyesha, kwa kuchunguza mazungumzo ya Kiingereza, kwamba sauti za aina hiyo zina kazi: humtangazia msikilizaji kwamba msemaji anakaribia kuchelewa, na hata kumdokezea kama atachelewa kidogo au sana. Basi swali la kujiuliza ni hili: alichelewa wapi, na alikuwa anatafuta nini?

Turudi kwenye karatasi tukiwa na kalamu nyekundu. "Aaa" ya kwanza, ile "yaani" na "nilikuwa, nilikuwa" vimerundikana mwanzoni. Msailiwa huyu ana kisa, ila hajui akianzie wapi, kwa hiyo amekianzia mbali: kata, mganga, wauguzi. "Kwa hiyo, kwa hiyo" imekuja pale maelezo ya mazingira yalipokwisha bila njia ya kuingia kwenye tatizo. "Eee" iko kwenye kiungo chenyewe, kati ya mazingira na tatizo. "Yaani unakuta" haikuleta jambo jipya. Imelirudia tatizo kwa maneno mengine, ili kununua muda wa kukumbuka alichofanya. "Aaa" ya mwisho imetangulia matokeo, na sababu iko wazi: hana namba. Sentensi ya kufunga, "ni hivyo tu", ni ya mtu ambaye hakuamua mapema ataishia wapi.

Kuna "kwa hiyo" moja isiyostahili wino mwekundu, ile ya "kwa hiyo tukakaa". Hiyo inaunganisha sababu na hatua iliyofuata. Kipimo ni chepesi: lifute neno, usome sentensi. Maana ikipungua, lirudishe. Isipopungua, lilikuwa la kujazia.

Kwa hiyo kujiamuru "nisiseme aaa" hakufiki mbali. Anayejikataza anabaki na pengo lilelile, sasa bila cha kulijazia, na huishia kulijaza kwa neno jingine. Wapo walioacha "aaa" wakahamia "kimsingi". Ukiamua mapema sentensi ya kuanzia, ukapata namba ya matokeo na ukajua sentensi ya kufungia, sehemu tatu kati ya zile zilizokwama zinakuwa zimekwisha kutibiwa bila kugusa ulimi.

Sekunde zimekwenda wapi

Wakufunzi wa usaili hupenda kugawa jibu la kisa katika sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, na matokeo. Chukua karatasi yako, piga mstari mahali kila sehemu inapoanza, kisha andika sekunde zake kwa kufuata saa ya kinasa sauti.

Kwa msailiwa wetu, jibu zima lina sekunde 60. Mazingira yamekula 30. Tatizo lenyewe limechukua 12, hatua 10, na matokeo 8. Jukumu lake halimo kabisa. Hatujaambiwa popote kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Pale jopo linapotaka kujua alifanya nini, limepewa maneno "tukawa tunapanga vizuri", ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema.

Mtazame pia yule "tu" aliyejificha ndani ya vitenzi: tukakaa, tukasema, tukawa tunapanga. Wengi tumelelewa kwamba kusema "mimi nilifanya" ni kujisifu, na katika baraza la ukoo hilo ni kweli. Ila mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama yenye jina la mtu mmoja, na hawezi kumpa alama za kundi. Njia ya heshima ipo: taja kundi mahali kundi lilipohusika, na ujitaje pale mkono ulipokuwa wako. "Unakuta" nayo ina hasara kama hiyo. Hukitoa kisa kwenye tukio la siku fulani na kukigeuza kuwa habari ya jinsi mambo yalivyo siku zote.

Mwendo hubadilika katikati ya jibu

Vitabu vya Kiingereza hushauri mwendo wa maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Usiuchukue ushauri huo kama ulivyo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Nilichokifanya" ni neno moja lenye silabi sita. Anayelazimisha maneno 150 ya namna hiyo ndani ya dakika atakuwa anakimbia.

Hesabu silabi. Kwa Kiswahili ni kazi rahisi, kwani kila irabu huwa silabi, ukiongeza na "m" inayosimama peke yake kama ya mwanzo wa "mganga". Kipande cha "kile kituo kilikuwa kinahudumia kata tatu, na pale alikuwepo mganga na wauguzi sita" kina silabi 37, na msailiwa wetu amekisema kwa sekunde 6. Hiyo ni zaidi ya silabi sita kwa sekunde. Kipande cha matokeo, kuanzia "na kwa kweli" hadi "kiasi fulani", kina silabi 26 ukiiacha ile "aaa", nacho kimechukua sekunde 8, yaani silabi tatu na kidogo kwa sekunde. Ukipiga wastani wa jibu zima utaona mwendo wa kawaida na kujipongeza bure. Ukweli ni kwamba amekimbia kwenye anachokijua kwa moyo, ambacho jopo halikukihitaji, na amesuasua kwenye kile ambacho jopo lilikingoja.

Ili kujua mwendo wako mzuri ni upi, jirekodi pia ukimsimulia rafiki jambo lililotokea sokoni au kwenye daladala, akiwa ameridhia. Hesabu silabi za sekunde kumi za katikati. Hicho ndicho kipimo chako, maana ni mwendo unaoeleweka na watu wako bila kukuomba urudie.

Kisha pima vituo. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia walikuta kwamba katika mazungumzo, kati ya swali na jibu, kwa wastani hupita kama sehemu ya tano ya sekunde tu. Tumezoea kujibu upesi kiasi kwamba sekunde mbili za ukimya humtisha aliyeulizwa. Zisikilize sekunde hizo mbili kwenye rekodi utaona ni kidogo, tena msikilizaji huzipokea kama dalili ya mtu anayefikiri. Zitumie mahali "aaa" ilipokuwa: baada ya swali, na kabla ya matokeo.

Rekodi ya pili

Sasa msailiwa wetu asiandike jibu jipya zima. Aandike sentensi ya kuanzia, maneno matatu ya kumkumbusha hatua, na namba ya kufungia: "zinaisha muda rafuni, hesabu, geuza, Ijumaa, 18, 4." Kikaratasi hicho akisome, akigeuze kifudifudi, awashe kinasa sauti:

"Katika kituo cha afya nilichofanyia kazi, dawa zilikuwa zinaisha muda zikiwa rafuni. Mimi ndiye niliyekuwa natunza stoo, kwa hiyo kuzuia hasara hiyo lilikuwa jukumu langu. Nilianza kwa kuhesabu dawa zote na kuandika tarehe ya kuisha muda ya kila boksi. Nikagundua kwamba mzigo mpya ukifika tulikuwa tunaupanga mbele, ule wa zamani unabaki nyuma. Nikageuza mpangilio: inayowahi kuisha muda ikae mbele, itoke kwanza. Kisha kila Ijumaa nikawa napitia rafu, na dawa iliyobakiza miezi mitatu namweleza mganga mfawidhi ili ipelekwe kwenye kituo kinachoihitaji zaidi. Robo ya kwanza maboksi yaliyoisha muda yalikuwa kumi na manane. Robo iliyofuata, manne."

Jibu hili nalo lina dakika moja hivi, sawa na lile la kwanza. Ila mazingira yamebaki na sentensi moja, hatua zimepata zaidi ya nusu ya muda, na mwisho upo. "Tu" imebaki mahali ilipo kweli, kwenye kosa la kupanga lililokuwa la wote. Namba zimekaa mwishoni mwa sentensi, kwa hiyo kazi iliyobaki ya sauti ni moja tu: pumzi ifike hadi "manane" na "manne".

Usirudie swali hilohilo mara nyingi. Jibu lililokaririwa hujisaliti kwenye rekodi, na utalitambua kwa mambo mawili. Mwendo wake ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, bila kupungua penye jambo zito. Na neno moja likisahaulika, sentensi nzima inaanguka kwa kuwa ilikuwa imeshonwa kwa maneno, si kwa mawazo. Ukisikia hivyo, liache swali hilo kwa siku kadhaa.

Tena, usitibu mambo manne kwa mpigo. Mzunguko wa kwanza shughulikia mpangilio peke yake. Utakuta sehemu kubwa ya "aaa" imeondoka yenyewe, na kinachobaki ndicho mazoea halisi ya ulimi. Hayo yanahitaji kusikiliza kwa wiki kadhaa, na machache yakibaki hayamzuii mtu kupata kazi. Na kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, jirekodi kwa Kiingereza. Kwenye lugha ya kujifunzia ukubwani, mtu hukwama katikati ya sentensi akitafuta neno, mahali tofauti kabisa na anapokwama kwa Kiswahili, kwa hiyo dawa yake ni kuandaa msamiati wa kazi kwanza.

Kile ambacho simu haiwezi

Simu haikatizi, haikunji uso, na haiulizi swali la nyongeza. Kwa hiyo mazoezi ya mwisho yafanye na mtu. Mpe sikio la rekodi yako bora, kisha umwombe akuulize maswali mawili juu ya kile alichokisikia, ukiwa umewasha kinasa sauti tena. Jibu zuri huzaa maswali kuliko baya, kwa sababu sasa lina vitu vya kushikika. Kwa mtunza stoo wetu, mjumbe makini hataacha kuuliza: "Na hayo maboksi manne yaliyobaki, mbona nayo yaliisha muda?" Huenda ni dawa zilizofika zikiwa zimebakiza wiki chache. Huenda kituo jirani nacho hakikuzihitaji. Huenda Ijumaa moja alisafiri na hakuna aliyepitia rafu. Lolote lile, alitafute kwenye leja kabla ya siku ya usaili, aandike sababu na idadi, na alirekodi kama jibu la pekee, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo jibu lake la kwanza limemwandalia.